Shajara ya mradi: kufuata irabu za Kituruki hadi mwisho wa mnyororo

6 Januari

Nimeanza. Nataka programu ndogo inayochukua nomino ya Kituruki na kuivalisha viambishi vyake vyote, kisha nichapishe kadi za mazoezi. Kadi ni zangu na za wenzangu wawili, tunaosoma mwaka wa lugha hapa Ankara kabla ya kuingia chuoni. Sote watatu ni watu wa Kiswahili, na sote tunakwama pale pale: nomino ikiwa tupu tunaijua, ikishavaa viambishi vitatu tunaipoteza.

Kituruki hupanga mambo nyuma ya nomino, kila kimoja na zamu yake. Kwanza wingi, kisha mwenye mali, mwisho kiambishi kinachoonyesha nomino inafanya kazi gani katika sentensi. *Ev* ni nyumba. *Evler* ni nyumba nyingi. *Evlerimiz* ni nyumba zetu. *Evlerimizden* ni kutoka kwenye nyumba zetu. Sisi tumetumia maneno manne, wao wamemaliza kwa moja.

Mpangilio huo hautusumbui. Kinachotusumbua ni kwamba kiambishi hakina sura moja. Sisi tuna *-ni* ya mahali, na *-ni* ni *-ni* tu: nyumbani, shambani, sokoni, mjini. Chao cha mahali ni *-de* kwenye *evde*, ni *-da* kwenye *okulda*, na ni *-ta* kwenye *sokakta*. Irabu inabadilika kwa kufuata irabu iliyotangulia. Hilo ndilo tangamano la irabu, na si geni kwetu hata kidogo. Tunasema *pikia*, *imbia*, *fungia*, lakini *somea* na *endea*, na hakuna aliyetufundisha. Mzizi wenye *e* au *o* huita *e*, mingine huita *i*. Tofauti ni kwamba kwetu jambo hili linaishi ndani ya kitenzi, na kwao limeenea karibu kila mahali.

7 Januari

Nimeandika msingi. Kituruki kina irabu nane, na kwa kazi yangu ninahitaji kujua mambo mawili tu kuhusu kila moja: ulimi uko mbele au nyuma, na midomo imeviringwa au haikuviringwa. Za nyuma ni *a, ı, o, u*. Za mbele ni *e, i, ö, ü*. Za mviringo ni *o, ö, u, ü*. Ile *ı* isiyo na nukta haimo katika Kiswahili. Ukitaka kuipata, sema *u* kisha tandaza midomo kama unayetabasamu bila kusogeza ulimi.

Viambishi navyo viko vya aina mbili. Kuna vyenye irabu ya chini, ambayo vitabu vya sarufi huiandika kwa herufi kubwa *A*: hii huwa *a* baada ya irabu ya nyuma na *e* baada ya irabu ya mbele, basi. Wingi ni wa aina hii, *-lAr*, na pia mahali *-dA*, kutoka *-dAn*, na kwenda *-A*. Aina ya pili ina irabu ya juu, inayoandikwa *I*, na hii huangalia ulimi na midomo pia, kwa hiyo ina sura nne: *ı, i, u, ü*. *-ImIz*, yenye maana ya "-etu", ni ya aina hii, na vilevile kiambishi cha yambwa, *-I*.

Nimejaribu kwa nomino nne: *ev* nyumba, *kapı* mlango, *kitap* kitabu, *defter* daftari. *Evlerimizden, kapılarımızdan, kitaplarımızdan, defterlerimizden.* Zote sahihi.

9 Januari

Hazikuwa sahihi kwa sababu niliyodhani. Mwenzangu wa Mombasa alizichukua kadi jana, akaongeza maneno yake mwenyewe, na leo asubuhi ameniuliza, "Ndugu yangu, hii *gözlerümüz* umeitoa wapi? Mwalimu amenisahihisha mbele ya darasa."

Neno ni *göz*, jicho. Macho yetu ni *gözlerimiz*. Programu yangu imetoa *gözlerümüz*. Nikajaribu *okul*, shule, ikatoa *okullarumuz* badala ya *okullarımız*.

Kosa nimelipata baada ya nusu saa. Nilikuwa naisoma irabu ya mzizi mara moja, naihifadhi, kisha naitumia kwa viambishi vyote. *Göz* ina *ö*, ambayo ni ya mbele na ya mviringo, basi kila *I* iliyofuata ikageuka *ü*. Kumbe kiambishi hakimwangalii babu yake. Kinamwangalia aliye mbele yake tu. *-ImIz* katika *gözlerimiz* haijui kama kulikuwa na *ö*. Inachokiona ni *e* ya *-ler*.

Nomino zangu nne za mwanzo hazikuweza kulifichua kosa hili kwa kuwa hakuna hata moja yenye mviringo. Ukiangalia mzizi au ukiangalia kiambishi jirani, *ev* itakupa jibu lile lile. Orodha ya majaribio sasa ina *göz*, *okul*, *köy* kijiji, na *kuş* ndege, na haya ndiyo nitakayoanza nayo kila mara.

Umbo jipya:

```python
NYUMA, MBELE, VIRINGO = "aıou", "eiöü", "oöuü"

def irabu_ya_mwisho(neno):
    for h in reversed(neno):
        if h in NYUMA + MBELE:
            return h

def jaza(neno, kiambishi):
    for h in kiambishi:
        v = irabu_ya_mwisho(neno)
        if h == "A":
            h = "a" if v in NYUMA else "e"
        elif h == "I":
            h = "ıiuü"[(v in MBELE) + 2 * (v in VIRINGO)]
        neno += h
    return neno
```

Neno linakua herufi kwa herufi, na kila irabu mpya inamuuliza jirani yake wa karibu. Hata ndani ya *-ImIz*, *I* ya pili inaifuata *I* ya kwanza.

10 Januari

Nimekaa na jambo hili siku nzima kwa kuwa nadhani ndiyo shina la mradi wote. Niliweka umoja na wingi ubavuni mwa kila mmoja, vyote vikiwa na *-ImIz* na yambwa:

*gözümüzü*, jicho letu. *gözlerimizi*, macho yetu.

*okulumuzu*, shule yetu. *okullarımızı*, shule zetu.

Soma kwa sauti. Katika umoja midomo inabaki imeviringwa tangu mwanzo hadi mwisho: *ö-ü-ü-ü*, *o-u-u-u-u*. Katika wingi inaviringwa kwenye mzizi, halafu inafunguka kwenye *-ler* au *-lar*, na haiviringwi tena. Wingi umeukata mviringo.

Sababu iko kwenye umbo la *A* yenyewe. Ili mviringo uvuke *-lAr*, kiambishi kingepaswa kuwa na sura ya *-lor* na *-lör*. Hazipo. Katika maneno ya asili ya Kituruki *o* na *ö* hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya kwanza, na viambishi vya nomino havizitumii kabisa. Kwa hiyo *A* inaweza kubeba habari ya ulimi, mbele au nyuma, ikaipitisha. Habari ya midomo inafia hapo kwa kukosa wa kuibeba. Na si wingi peke yake. *Okulumuzdayız*, tuko shuleni kwetu: *u-u-u*, kisha *-da* inakata, na *-yız* ya mwisho inatoka na *ı*, si *u*.

Kwa mwanafunzi hili lina faida kubwa ambayo hakuna aliyetuonyesha darasani. Ukishaweka wingi, maswali yako ya sura nne yamekuwa ya sura mbili. Una *-lar, -ları, -lara, -larda, -lardan, -ların*, au una *-ler, -leri, -lere, -lerde, -lerden, -lerin*. Hakuna njia ya tatu.

12 Januari

Leo nimegundua kwamba wingi unaondoa mengine zaidi, kwa sababu unaishia na *r*.

Sauti *d* ya *-dA* huwa *t* ikifuata konsonanti isiyo na mghuno: *sokakta*, mtaani, *kitapta*, kitabuni. Lakini *sokaklarda, kitaplarda*. Mzizi wenyewe nao hubadilika ukiguswa na irabu: *kitap* huwa *kitabı*, *sokak* huwa *sokağı*, *şehir*, jiji, hupoteza irabu yake na kuwa *şehri*, na *burun*, pua, huwa *burnu*. Wingi unasimama katikati na kuulinda mzizi: *kitapları, sokakları, şehirleri, burunları*. Halafu kuna herufi za kutenganisha irabu mbili, kama *y* katika *kapıyı*. Katika *kapıları* haihitajiki.

Nimebadilisha mpango wa kadi. Darasani tumeanza na umoja, kwa kuwa kila mtu huona umoja ni rahisi. Kwa viambishi vya Kituruki ni kinyume chake. Kadi zangu zitaanza na wingi, mtu aizoee minyororo mirefu mahali ambapo haina mitego, kisha arudi kwenye umoja na mabadiliko yake.

15 Januari

Ghorofa ya chini anaishi mama mmoja mzee tunayemwita *teyze*. Kwa Kituruki teyze ni dada wa mama, yaani mama mkubwa au mama mdogo, ila humwita hivyo mwanamke yeyote wa umri huo kwa heshima. Amekubali kunisikiliza nikisoma kadi jikoni kwake. Nikifika kwenye neno baya anatikisa kichwa kabla sijalimaliza.

Leo amenisimamisha kwenye *saatlar*. "Saatlar olmaz," akasema, haiwezekani. "Saatler."

*Saat* ni saa, neno lile lile la Kiarabu tulilolichukua sisi. Irabu zake ni *a* mbili, za nyuma kabisa, na bado linadai *-ler*: *saatler, saati, saatte*. Si peke yake. *Harf*, herufi: *harfler, harfi*. *Kalp*, moyo: *kalpler, kalbi*. *Hal*, hali: *haller*. Na maneno ya Kifaransa na Kiingereza yenye *l*: *rol* ni *roller, rolü*, *gol* ni *goller, golü*.

Kwa yale yenye *l* sababu inasikika. Teyze alipotamka *gol*, *l* yake ilikuwa nyembamba, ncha ya ulimi imekwenda mbele. Alipotamka *kol*, mkono, *l* ilikuwa nzito na ya nyuma, na wingi wake ni *kollar*. Kiambishi kinamsikiliza huyo *l* wa mbele. Lakini kwa *saat* na *harf* sikio langu halinisaidii, na asili ya neno haitoshi kuwa kanuni: *hayat*, maisha, nalo limetoka Kiarabu na linaishia na *-at*, lakini ni *hayatlar, hayatı*. *Kabul* ni *kabulü* ilhali *okul* ni *okulu*. Ni kuyajua moja moja. Kamusi ya TDK, taasisi ya lugha ya Kituruki, inasaidia: kando ya neno huandika mwisho wake likipokea irabu, *saat, -ti*, *rol, -lü*, na hapo unajua.

16 Januari

Nimeweka orodha ya maneno hayo na kuiambia programu: neno likiwa kwenye orodha, chukulia irabu yake ya mwisho kama pacha wake wa mbele, *a* kama *e*, *o* kama *ö*, *u* kama *ü*. Inapendeza kwamba badiliko hilo moja linatosha kwa aina zote mbili za viambishi. *Rol* ikihesabiwa kuwa na *ö*, *A* inatoa *roller* na *I* inatoa *rolü*.

Ila ilifanya kazi nusu. *Saati* ilitoka sawa, *saatlar* ikabaki vilevile. Nilikuwa nauliza kama `neno` limo kwenye orodha kila nilipofika kwenye irabu ya kiambishi. Kwa *-I* neno bado ni `saat`. Kwa *-lAr*, nikifika kwenye *A*, neno tayari limekuwa `saatl`, na `saatl` haimo kwenye orodha yoyote. Dawa ni kuijua irabu ya kuanzia kabla ya kuongeza chochote, kisha kuibadilisha kila irabu mpya inapoingia:

```python
def jaza(neno, kiambishi, v=None):
    v = v or irabu_ya_mwisho(neno)
    for h in kiambishi:
        if h == "A":
            h = "a" if v in NYUMA else "e"
        elif h == "I":
            h = "ıiuü"[(v in MBELE) + 2 * (v in VIRINGO)]
        if h in NYUMA + MBELE:
            v = h
        neno += h
    return neno
```

Sasa `jaza("saat", "lAr", "e")` inatoa *saatler*, na mnyororo unaendelea wenyewe: *saatlerimiz, saatlerimizden*. Ukaidi wa neno uko kwenye mshono mmoja tu, pale mzizi unapokutana na kiambishi cha kwanza. Baada ya hapo jirani ni *e* ya kawaida na kila kitu ni cha kawaida.

18 Januari

Kadi mbili zimetoka na *kadinler* na *işikler*. Maneno ni *kadın*, mwanamke, na *ışık*, mwanga. Wingi wake *kadınlar* na *ışıklar*. Mwenzangu alikuwa ameyaandika kwa herufi kubwa, KADIN na IŞIK, na Python ilipoyashusha ilifuata desturi ya Kiingereza: `"I".lower()` ni `"i"`. Katika alfabeti ya Kituruki ya mwaka 1928 hizi ni herufi mbili tofauti, kila moja na kubwa yake: *ı* na I, *i* na İ. Nukta moja ikahamisha irabu kutoka nyuma kwenda mbele, na mnyororo mzima ukaifuata. Kwa upande wa pili, `"İ".lower()` inatoa herufi *i* pamoja na nukta ya ziada inayojitegemea, haionekani vizuri kwenye skrini lakini inavuruga ulinganishi.

```python
def ndogo(s):
    return s.replace("I", "ı").replace("İ", "i").lower()
```

Ukikutana na orodha ambamo *kız*, msichana, amekuwa na *kizler*, angalia hapa kwanza.

21 Januari

Mwenye mali wa nafsi ya tatu amenichukua siku mbili. "Yao" ni *-lArI*, hivyo nyumba zao ingekuwa *ev* + *lAr* + *lArI*, na programu ikatoa *evlerleri*. Hakuna neno kama hilo. Kituruki hakikubali *-ler* mbili hapo. Moja inafanya kazi zote, na jibu ni *evleri*. Nimeandika sharti la kuiondoa moja.

Lakini sasa *evleri* ni nyumba zake, na nyumba yao, na nyumba zao; na pia ni nyumba hizo zikiwa yambwa bila mwenye mali yeyote. Nafsi ya tatu pia huweka *n* kabla ya kiambishi kinachofuata, ndiyo maana ni *evlerinde* na si *evleride*. Ongeza yambwa upate *evlerini*, na *evlerini gördüm* yaweza kuwa nimeziona nyumba zake, nimeziona nyumba zako, nimeiona nyumba yao, au nimeziona nyumba zao. Ukikata *ev-ler-in-i*, ni zako. Ukikata *ev-ler-i-n-i*, ni zake. Ngeli zetu zinatupa *yao* na *zao* bila shida. Wao huweka *senin*, *onun* au *onların* mbele pale muktadha usipotosha. Kadi ya neno hili inakubali majibu yote manne. Kumhesabia mtu kosa kwa jibu sahihi ni kumvunja moyo bure.

25 Januari

Nimeongeza *-ki*. Hii hugeuza mahali kuwa mtu au kitu kilichopo hapo: *okulda*, shuleni, *okuldaki*, aliye shuleni. Haibadiliki kufuata irabu iliyotangulia, isipokuwa katika maneno machache ya wakati kama *bugünkü* na *dünkü*. Niliogopa ingeharibu programu. Haikuharibu chochote, kwa kuwa *i* yake nayo ni irabu kama nyingine, na anayekuja baada yake anamuuliza yeye.

Jaribio la mwisho lilikuwa mnyororo mrefu kuliko yote niliyoweka kwenye kadi: kutoka kwa wale walio katika shule zetu.

*okul-lar-ımız-da-ki-ler-den*

Shule ya *u*, mviringo, nyuma. *-Lar* inaukata mviringo, inabakiza nyuma. *-Imız* na *-da* zinafuata nyuma. *-Ki* inasimama na *i* yake ya mbele bila kumsikiliza mtu. *-Ler* ya pili, kiambishi kile kile cha wingi kilichotoka *-lar* silabi chache kabla, sasa kinatoka na *e*. *-Den* inamfuata. Neno moja lina wingi mara mbili, na wingi huo una sura mbili.

Jioni nimeshuka kwa teyze na kulisoma: *okullarımızdakilerden*. Hakutikisa kichwa. Akanimiminia chai na kuniambia nisome kadi inayofuata.